Ratiba ya kukabidhiana kazi kabla ya likizo yako

Bi Zuwena,

Assalamu alaikum. Natumai jana ulifika salama Wete, na mvua haikukukuta njiani.

Zimebaki wiki nne uanze likizo ya uzazi, na meneja ameniambia ununuzi wa mwani nitaushika mimi mpaka urudi. Naomba tusifanye kama tulivyofanya alipoondoka mhasibu wa zamani: kikao kimoja cha saa tatu, funguo mezani, kisha mwezi mzima tunampigia simu, hata siku aliyokuwa mazikoni. Wewe utakuwa na mtoto mchanga, sitaki simu yangu ndiyo imwamshe.

Napendekeza tukutane kila Jumatatu na Jumatano, saa 8:00 mchana, tukishasali adhuhuri, na saa 9:00 tufunge hata kama hatujamaliza. Jumanne nimeiacha kwa sababu ya kliniki yako. Wiki ya bamvu hatutakaa ofisini kabisa. Asubuhi maji yakitoka, kina mama wote wako pwani, na siku zinazofuata ghala la Kiuyu halina pa kukanyaga. Wiki hiyo nitakuja nisimame nawe penye mizani.

Hilo la mizani ndilo ninalolihofia zaidi. Nimekuona ukichota konzi ya mwani, ukaukunja kiganjani, ukauachia, na papo hapo ukasema gunia lirudi kuanikwa. Mimi nikikunja naona mwani tu! Kwa hiyo siku ya kwanza nitatazama, ya pili nitaamua mimi nawe unisahihishe. Ila usinisahihishe mbele ya kina mama, tafadhali, watanicheka mpaka Konde.

Vikao vya wiki ya kwanza tuvitumie kwa daftari la mikopo ya kamba na taitai. Nililifungua Alhamisi nikakuta “M.K. nusu, bado”. Kina Mwanakombo tunao watatu, na sijui nusu ni nusu ya robota au nusu ya deni. Tupitie mstari kwa mstari, niandike majina kamili, na mwenye deni asomewe kabla hujaondoka. Funguo, stakabadhi na namba za madereva ni mambo ya kikao kimoja.

Wiki ya mwisho nataka nifanye kazi zote peke yangu, wewe ukae pembeni na kikombe chako cha tangawizi. Jumatano ya wiki hiyo meneja awepo, tuhesabu magunia ya ghalani pamoja na tutie saini sote watatu.

Nijibu kabla ya Alhamisi nimpelekee meneja nakala. Siku au saa zisipokufaa zibadilishe utakavyo, lakini ile wiki ya bamvu niachie.

Nisalimie Mama.

Wako,
Khamis