Manowari na Bomba Tatu, Kipindi cha 4: Marejeo ya Ufunguzi

Kwa msimulizi na fundi sauti: pamoja na milio yote, marejeo yasipite sekunde 58. Soma kwa kasi ya kawaida, usikimbie. Jina la meli litamkwe "Kenigsbeg", kama tulivyofanya tangu mwanzo.

[Maji yakigonga ubavu wa meli, sekunde 2, kisha yashuke chini ya sauti]

MSIMULIZI: Katika vipindi vilivyopita…

Juni 1914, manowari ya Wajerumani, Königsberg, inatia nanga Dar es Salaam. Watu wanatazama dohani zake, wanaipa jina: Manowari na bomba tatu.

Vita vinaanza. Alfajiri ya Septemba 20, Königsberg inaikuta manowari Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, ikiwa katika matengenezo. Inaizamisha.

[Mzinga mmoja, kwa mbali]

Lakini mashine yake nayo inakorofisha. Kapteni wake, Looff, anaificha Rufiji, ndani ya mikoko.

KIPANDE, KIPINDI CHA 2: "Vipuri vya boila vikaburutwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburutwa tena kurudi Rufiji. Walioviburuta ni wapagazi wetu."

MSIMULIZI: Meli ikapona, ila haikutoka. Mwisho wa Oktoba Waingereza waliigundua. Novemba wakazamisha meli kuukuu ya makaa, Newbridge, kuziba mkondo mmoja. Januari 1915 wakaiteka Mafia.

Sasa ni Juni. Mtoni, mabaharia wanaugua malaria. Mafia zimefika Severn na Mersey, zikiwa zimekokotwa kutoka Malta: meli za mizinga zinazoelea kwenye maji haba, pale manowari kubwa zisipothubutu.

[Maji yakatike ghafla]

Kipindi cha 4: Mkondo wa Kikunja.

[Muziki wa utambulisho]

Kwa fundi sauti: muda ukibana, toa sentensi ya Newbridge. Kipande cha wapagazi kisiguswe, hata neno. Habari za meli hii zimesimuliwa mara nyingi kama mchuano wa makapteni wawili watatu wa Ulaya, na mtu anayeanza kutusikiliza leo asipowasikia wapagazi hapa, hatajua kwamba bila mabega yao boila ile isingewaka tena. Mzinga uwe mmoja tu. Pegasus ilipoteza watu, na mlio wa pili utageuza vifo vyao kuwa shamrashamra.

Kwa msimulizi: usidokeze Julai 6 wala Julai 11, hata kwa sauti ya kutisha. Shambulio la kwanza na la pili ndiyo kipindi chenyewe. Ukifika "pale manowari kubwa zisipothubutu", shusha sauti kama mwenye habari zaidi, vuta pumzi moja, halafu taja Kikunja.