Mwisho wa oda: Kariakoo na Guangzhou

(Kwenye simu. Mama Rahma ana duka la mikoba Kariakoo. Seif anamkusanyia na kumsafirishia mzigo kutoka Guangzhou.)

SEIF: Shikamoo, mama.

MAMA RAHMA: Marahaba, mwanangu. Hapa saa tatu asubuhi, nyie huko mmeshakula mchana.

SEIF: Saa nane hii. Mama, ile oda ya Alhamisi uliituma saa mbili usiku.

MAMA RAHMA: Si Alhamisi hiyo hiyo?

SEIF: Kwako. Kwangu ilikuwa Ijumaa, saa saba ya usiku, na mzigo wa wiki ulishafungwa.

MAMA RAHMA: Kumbe ndiyo maana ile ya kahawia imekosekana! Haya, unataka saa ngapi?

SEIF: Stoo inafungwa saa kumi na mbili jioni. Nahitaji saa mbili za kuzunguka vibanda, kujaribu zipu moja moja na kufunga. Kwa hiyo mwisho saa kumi jioni yangu, saa tano asubuhi yako.

MAMA RAHMA: Saa tano! Wateja wa Mbeya na Songea wanashuka kwenye basi usiku, asubuhi ndiyo wanachagua. Saa tano sijajua hata kilichoisha. Nipe saa saba.

SEIF: Saa saba yako nakuta kufuli mlangoni.

MAMA RAHMA: Basi tugawane. Saa tano nakutumia aina na picha. Rangi na idadi uniachie mpaka saa sita.

SEIF: Saa sita yako ni kumi na moja jioni yangu. Nakubali, ila aina mpya hapo haiingii. Na malipo ya awali yawe yameshafika. Bila hela hakuna anayekuwekea mzigo pembeni.

MAMA RAHMA: Benki nazijua. Nitalipa Jumanne. Na wewe ukipokea useme, siyo nakaa nabahatisha umesoma au umelala.

SEIF: Nusu saa haipiti. Usipoona jibu, piga.

MAMA RAHMA: Huko hamsogezi saa, kama Ulaya?

SEIF: Hatusogezi, wala nyie. Tofauti ni saa tano mwaka mzima. Cha kuangalia ni sikukuu: kuanzia 1 Oktoba wengi wanafunga, na mwaka mpya wa Kichina ndiyo usiseme. Hapo tutapanga mapema.

MAMA RAHMA: Niandikie nibandike kaunta, binti naye asome.

SEIF: Nakutumia sasa hivi:

"ODA ZA ALHAMISI. Aina na picha: mwisho saa 5 asubuhi Dar, saa 10 jioni Guangzhou. Rangi na idadi: mwisho saa 6 mchana Dar, saa 11 jioni Guangzhou. Malipo ya awali yawe yamefika kabla ya saa 5 asubuhi Dar. Ikichelewa, inaingia mzigo wa wiki ijayo. Oda isiyojibiwa 'nimepokea' haijafika."

MAMA RAHMA: Imefika. Sasa hiyo ya kahawia, niwekee dazeni tatu.