Kwa wazazi na walezi: makocha hawatachati na watoto pembeni

Wazazi na walezi wetu, habari za jioni.

Baadhi yenu mmetuuliza mbona siku hizi watoto wakimwandikia kocha Wasapu hawajibu. Hana kiburi. Sisi viongozi ndio tuliomkataza, na ni haki yenu kujua sababu.

Kocha, msaidizi wake au kiongozi yeyote haruhusiwi kuandikiana na mchezaji aliye chini ya miaka 18 wakiwa wawili tu, iwe Wasapu, Instagramu au meseji ya kawaida. Ratiba, nauli ya mechi ya Mtwara, mabadiliko ya saa za mazoezi, yote yatapita kwenye grupu la wazazi au kwenye namba ya mzazi.

Kocha ndiye anayepanga kikosi. Mtoto wa miaka 13 anayetamani kuanza Jumamosi pale Ilulu atamwambiaje mtu huyo "sitaki"? Mwenye nia mbaya analijua hilo, naye haanzi na baya. Anaanza na "leo umewafunika wote". Kesho anamrushia bando. Wiki ijayo anamwahidi njumu, kisha saa tano usiku anauliza, "Umelala? Uko na nani hapo?" Siku atakapoandika "futa hizi, mama asione", mtoto ameshapokea vingi na anajiona naye ana kosa, kwa hiyo atanyamaza. Ndiyo maana tunakataza tangu kwenye salamu.

Hatumtuhumu kocha wetu yeyote. Tena kanuni hii inamlinda na yeye: akizuliwa jambo, alichoandika kimesomwa na wazazi wote.

Wala mtoto hatatupwa. Juzi golikipa wetu mmoja alimwandikia kocha kuwa goti limevimba. Kocha akampigia mama yake papo hapo, wakaongea, mtoto akapumzishwa mazoezi. Ikitokea dharura, mfano mtoto kaachwa na gari, kocha atampigia mtoto, na simu ya pili itakuwa ya mzazi.

Ukikuta meseji inayokutia shaka, tafadhali usimgombeze mwanao wala usimnyang'anye simu. Ukimnyang'anya leo, kesho hatakuambia. Usifute kitu. Mwone mlezi wa watoto, yule mama anayeshika daftari la mahudhurio, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Likiwa zito, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Tunawaomba sana, jambo la namna hiyo lisimalizwe kwa kikao cha familia na pesa ya kufuta machozi. Aliyeumia ni mtoto, na kwenye kikao hicho huwa hayupo.

Makocha wote wamesaini kanuni hii. Jumamosi saa kumi, kabla ya mazoezi, kila mzazi aje aandikishe namba yake. Asiye na simu janja aandikishe ya kawaida, tutampigia.

Katibu, kwa niaba ya uongozi wa klabu
Lindi