Tunatafuta mbia mmoja wa Sh milioni 28: mashine za kutoa mawe na kugredi mchele, Igurusi (Mbarali, Mbeya)

Tangazo hili linachukua nafasi ya lile la awali. Walioandika kuulizia walitaka kujua mambo matatu: fedha kiasi gani, inanunua nini, na inarudi lini. Tunaanza na hayo.

Tunahitaji Sh 28,000,000 kutoka kwa mtu mmoja, au kikundi chenye msemaji mmoja. Fedha hiyo inanunua mashine tu. Mbia anapata asilimia 60 ya faida ya huduma ya kugredi hadi milioni 28 zake zirudi zote, kwa makadirio yetu mwezi wa saba wa mwaka wa tatu, na baada ya hapo asilimia 35 kwa muda wote ambao huduma itaendelea. Mashine ya kukoboa tuliyonayo na mapato yake hayamo katika ubia huu.

Tulicho nacho sasa ni mashine ya kukoboa ya tani 1.5 za mpunga kwa saa, kando ya barabara kuu ya Mbeya–Iringa, yenye umeme wa fezi tatu, stoo, mizani, leseni ya biashara na TIN. Kuanzia Julai 2024 hadi Juni 2025 daftari linaonyesha tani 1,650 za mpunga, zilizotoa mchele tani 1,050 hivi. Kati ya hizo, tani 700 zilikuwa za wafanyabiashara wanaopeleka Dar es Salaam, Dodoma na Iringa. Zilizobaki ni za wakulima kwa chakula na mauzo madogo.

Mchele huo unatoka kwetu ukiwa mzuri, lakini mchanganyiko: mzima, chenga na mawe viko gunia moja. Mpunga mwingi hupigwa na kuanikwa chini, na hapo ndipo mawe yanapoingia. Chenga huwa kati ya kilo 15 na 25 katika kila kilo 100, zaidi pale mpunga unapoletwa ukiwa na unyevu unaopita asilimia 14, au ukiwa umeachwa juani mpaka punje zikapasuka ndani. Mfanyabiashara anayetaka gredi hubeba mchele wake mpaka mashine nyingine, analipa gari na wapakuaji mara ya pili. Sisi tunataka amalize kila kitu chini ya paa moja.

Huduma itatozwa Sh 50 kwa kilo ya mchele unaoingia, kwa mizani na si kwa gunia, kwa sababu gunia la lumbesa halina kipimo. Mchele mzima na chenga vyote ni mali ya mteja. Hatutanunua mpunga hata gunia moja kwa fedha ya ubia. Hili tunalisisitiza kwa sababu biashara ya kununua na kuhifadhi inaweza kula mtaji wote bei ikishuka. Ada ya kugredi inalipwa bei ikiwa juu au chini.

Mradi mzima ni Sh milioni 40. Fedha ya mbia inakwenda hivi:

Mashine ya kutoa mawe: 8,500,000
Mashine ya kugredi, silinda mbili na chekecheke: 9,500,000
Eleveta tatu: 6,000,000
Mizani ya pili na mashine ya kushona viroba: 1,600,000
Vipuri vya kuanzia (chekecheke, mikanda, beringi): 2,400,000

Sisi tunaweka milioni 12 zilizobaki: sakafu ya zege na paa 5,300,000, nyaya na swichi za mota 3,200,000, usafiri kutoka Dar es Salaam na ufungaji 3,500,000. Sakafu tunaianza kwa fedha yetu kabla hujatoa shilingi. Mashine ya kutoa mawe hutenganisha kwa upepo na mtikisiko: mchele unaelea na kuteremka, jiwe zito linapanda upande wa juu wa meza. Ikifungwa juu ya sakafu inayotetemeka, mawe yanapita na mchele. Upepo ukipungua, mchele unatoka na mawe. Pia tumeweka bajeti ya eleveta tatu na si mbili, ili mchele uingie kwa mtiririko ule ule muda wote. Wengi hubana hapo na mashine nzuri ikaonekana mbovu.

Mahesabu ya mwaka, kabla ya kodi ya mapato: mishahara ya waendeshaji wawili na mchango wa ulinzi ni Sh 7,200,000, iwe kuna kazi au hakuna. Umeme na vipuri ni kama Sh 8,800 kwa tani. Chini ya tani 175 kwa mwaka hakuna faida ya kugawana.

Makadirio yetu ya mwaka wa kwanza ni tani 500: tani 420 kutoka kwa wafanyabiashara tunaowakobolea tayari, na 80 kutoka mashine ndogo za jirani. Mapato milioni 25, gharama milioni 11.6, faida milioni 13.4, sehemu ya mbia ni 8,040,000. Mwaka wa pili ukifika tani 700, sehemu yake ni kama 12,980,000, na kwa mwendo huo mtaji unarudi mwezi wa saba wa mwaka wa tatu. Tukikwama kwenye tani 300, sehemu ya mbia ni kama milioni 3.1 tu kwa mwaka, na mtaji ungechukua miaka tisa. Ndiyo maana mkataba una kifungu hiki: tani zikiwa chini ya 300 mwaka wa kwanza, mbia anaweza kuchukua mashine zake na kuziuza.

Anaweza kwa sababu ni zake. Ankara na risiti za mashine zinaandikwa kwa jina lake mpaka milioni 28 zirudi, na malipo anayafanya mwenyewe moja kwa moja kwa muuzaji. Wateja watalipa kwa lipa namba moja ya huduma hii pekee. Mbia anaona taarifa yake wakati wowote, na hesabu ya mwezi anaipata kabla ya tarehe 5. Mkataba unasainiwa mbele ya wakili, gharama nusu kwa nusu.

Hatari anazopaswa kuzipima: mvua au maji ya mifereji yakipungua Usangu, mpunga unapungua na sisi pia. Wilayani zipo mashine kubwa zinazogredi tayari. Umeme ukiwa mdogo, feni inapunguza kasi na kazi inasimama. Na mashine hizi hazichagui rangi: punje za njano na nyeusi zitabaki, kwa hiyo wateja wanaotaka mchele wa pakiti za supamaketi hatuwahesabu kabisa.

Hatutafuti mkopo wa riba wala wabia wengi wa milioni moja moja. Mbia hahitaji kuishi Igurusi, ila tunaomba aje mara moja kabla ya kusaini, aone mashine ikifanya kazi na kupekua daftari.

Mavuno yanaanza Mei 2026, na mashine zinapaswa kuwa zimefungwa na kujaribiwa ifikapo mwisho wa Aprili. Kwa hiyo tunapokea maombi hadi tarehe 31 Januari 2026. Tuma ujumbe ukitaja kiasi ulicho nacho tayari, ni lini unaweza kuja, na swali lolote kuhusu mahesabu haya. Tutakutumia rasimu ya mkataba na nakala za kurasa za daftari za miezi 12 ndani ya siku tatu.