Jibu kuhusu mwezi, taa na sufuria

Dada yangu wa Section 58,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Ujumbe wako wa kuuliza maana ya mwezi, taa na sufuria kwenye wimbo wetu nilimsomea mpiga solo wetu, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kumbe huko Nakuru mwezi ni mpango wa kando, taa ni mke aliyeachwa sebuleni, na bwana ameshakula kwingine, ndiyo maana anakataza kupika! Mwambie shemeji ana akili ya kutunga, ila hapo amekosa.

Tuanze na mistari yenyewe, maana naona wengi mnaimba mmoja na kuuruka wa pili:

"Mwezi umejaa, mama watoto, leo usibandike sufuria,
Taa yangu imeona haya mbele yake."

Anayeimba ni mvuvi wa omena. Hakuna mwanamke mwingine humo.

Omena huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Wavuvi wakishafika ziwani huziacha taa zikielea mbalimbali juu ya maji, halafu wanangoja. Wadudu wanajaa kwenye mwanga, omena nao wanapanda kuufuata. Wakishakusanyika, taa inavutwa polepole, wavu unazungushwa chini yao. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa vijana wengi wanabeba balbu za betri, lakini kazi ni ile ile: samaki lazima aone mwanga mmoja tu, wako.

Sasa mwezi mpevu ukitoka, ziwa lote linang'aa. Omena hana haja ya kukusanyika kwenye kitaa chako, anatawanyika. Ndiyo maana ukipita Usenge au Dunga nyakati hizo utakuta mitumbwi ya omena imepumzika mchangani, na wanaume wanashona nyavu mchana kutwa. Watu wa bara wanautazama mwezi huo huo na kushikana mikono. Mvuvi anauona kama likizo isiyo na malipo. Hiyo ndiyo haya ya taa: imezidiwa nguvu, haina kazi.

Kuna walioniambia kwamba nalalamikia ile miezi ya Aprili hadi Julai, omena inapofungwa ili izaane. Hapana. Kufungwa huko kunajulikana mapema, mtu anaweza kujipanga, akalima au akashika kibarua. Mwezi mpevu unarudi kila mwezi, na ukikuta kwenu mmeshakula akiba, shauri yenu. Mvuvi hana mshahara. Asubuhi wakiuza, gharama za mafuta zinatolewa kwanza, mwenye mtumbwi na nyavu anachukua fungu lake, kinachobaki ndicho wanachogawana waliokesha. Wasipoingia majini hakuna cha kugawa, na mwenye duka anajua kuhesabu siku kama wao.

Lakini mwezi ndio sehemu rahisi. Sufuria ndiyo iliyonichukua muda kuiandika, na naona ndiyo iliyokusumbua. Wewe ni mama, labda umewahi kuona: nyumba haina unga, mama anawasha moto, anabandika maji matupu, anafunika. Watoto wanasikia yakichemka, wanasubiri, usingizi unawachukua kabla hawajauliza mara ya tatu. Mvuvi wangu anajua mke wake atafanya hivyo. Anamwomba asifanye. Anataka watoto waambiwe ukweli, kwamba baba hakwenda ziwani. Ni ombi gumu, na kwenye wimbo sikuandika kama mke alikubali. Mimi nadhani alibandika.

Kwa nini sikusema wazi? Ningeitaja njaa, mngenihurumia na kubadilisha wimbo. Hivi mnacheza kwanza. Si unajua benga yenyewe, maneno mazito juu, miguu haina habari. Ila sikuwaficha kabisa. Sikiliza tena pale kwenye "taa yangu": gitaa la pili linanyamaza, linabaki besi na kayamba, na kayamba haichezwi kwa mapigo, inasuguliwa tu, shhhhh, mfululizo. Hiyo ni sauti ya karabai ikiwaka. Mzee yeyote wa ufuoni anaitambua kabla sijafungua mdomo. Kwenye maspika ya matatu inamezwa na besi, kwa hivyo jaribu na spika za masikioni.

Uliuliza pia kwa nini kwenye harusi tunaimba "mama" badala ya "mama watoto". Hapo hakuna siri: bibi harusi ndio kwanza ameingia, tumuitie watoto wa nani?

Na yule mwanamke anayecheka mwishoni si mwimbaji. Ni muuza mandazi aliyefungua mlango tukirekodi. Saa tuliyolipia ilikuwa inaisha, tukamwacha humo, na mandazi tukanunua.

Ni mimi mwimbaji wako,
Kisumu