Mwongozo wa kusoma: Sura ya 6, Damu na Mzunguko Wake (maswali 1 hadi 14)

Maswali nimeyatoa kwenye picha nilizopiga kurasa za 112 na 113. Swali la 9 lilimezwa na mkunjo wa kitabu, nikalipiga upya; mwenye picha za awali azifute. Namba za kurasa ni zile zilizochapwa kitabuni. Anayesoma kwenye simu aongeze 8, kwa hiyo uk. 96 ni wa 104 kwenye kioo.

Majibu sijayaandika. Nimeonyesha yalipo, na pale maneno ya swali yasipofanana na ya kitabu, nimetaja neno la kutafuta.

1. Taja sehemu kuu nne za damu. Uk. 95, jedwali la juu.

2. Kwa nini damu ni nyekundu? Uk. 96, aya ya 2. Tafuta "himoglobini", kisha sentensi yenye madini ya chuma.

3. Seli nyekundu huishi muda gani, na huharibiwa wapi? Hapa pana kurasa mbili. Muda (siku 120 hivi) uko uk. 96. Mahali zinapoharibiwa pamefichwa uk. 110, kwenye maelezo ya wengu, nyuma kabisa ya sura.

4. Tofautisha ateri na vena (alama 6). Uk. 103, jedwali 6.2. Jedwali limesahau vali. Zitazame kwenye mchoro 6.7, uk. 104. Kila tofauti iandikwe pande zote mbili, la sivyo ni nusu jibu.

5. "Ateri zote hubeba damu yenye oksijeni." Kweli au si kweli? Toa sababu. Mtego. Jedwali lile lile la uk. 103 linakuambia ateri hubeba damu yenye oksijeni, na ukiishia hapo umekwisha. Chini yake kuna kinyota chenye maandishi madogo mno, ambacho kwenye picha hakisomeki kabisa. Anza uk. 101, aya ya 1: fuata damu inavyotoka ventrikali ya kulia, uone inapita kwenye mshipa gani na inakwenda wapi. Kisha rudi kwenye kinyota. Ateri huitwa ateri kwa sababu inatoa damu moyoni, hata kama damu hiyo haijapata oksijeni.

6. Chora moyo na utaje sehemu zake. Mchoro 6.4, uk. 99. Moyo umechorwa kama wa mtu anayekutazama, kwa hiyo upande wake wa kulia uko kushoto kwako. Mimi mwenyewe niligeuza sehemu zote nne nilipojaribu mara ya kwanza. Andika "kulia" na "kushoto" kwa penseli kabla ya kuchora chochote.

7. Kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene zaidi? Uk. 100, aya ya mwisho. Geuza ukurasa, sentensi inamalizikia uk. 101.

8. Eleza safari ya damu kutoka vena kava hadi aota. Uk. 100 na 101. Ukihesabu mwanzo, mwisho na mapafu yenyewe, vituo ni 9. Ukipata 7, huenda umeruka mishipa ya mapafu.

9. Umbo la kapilari linafaaje kazi yake? Uk. 105. Tafuta "unene wa seli moja".

10. William Harvey alieleza nini mwaka 1628? Kisanduku cha uk. 98. Kisome pamoja na swali la 9: Harvey hakuziona kapilari, Malpighi ndiye aliyezieleza mwaka 1661, kwa hadubini.

11 na 12. Makundi ya damu. Uk. 107 kwa maelezo, uk. 108 kwa jedwali 6.3. Mistari ya kulala ni watoaji, ya kusimama ni wapokeaji. Ukilisoma kinyume, kundi O litageuka mpokeaji wa kila mtu na AB mtoaji wa kila mtu.

13. Moyo unapiga mara 72 kwa dakika, kila pigo likitoa mililita 70. Tafuta kiasi cha damu kwa dakika. Kanuni iko uk. 102, kazi ni yako. Ukipata chini ya lita 5, rudia kuzidisha.

14. Eleza faida tatu za mazoezi kwa moyo. Halina ukurasa. Nimepitia sura mara mbili, uk. 111 una sentensi moja tu, ya faida moja. Ya pili inaweza kujengwa kutokana na uk. 102, kwenye mapigo wakati wa kupumzika. Ya tatu tumuulize mwalimu Alhamisi, na hadi hapo pameandikwa "bado".

Mwenye saa moja tu asifuate mpangilio wa kitabu: aanze na 6, kisha 8, 7 na 5, kwa kuwa yote manne yanatoka kurasa za 99 hadi 103.