Maoni kuhusu zoezi lako la sehemu

Neema, hujambo?

Nimesahihisha zoezi lako. Umepata 7 kati ya 10, na safari hii umeonyesha njia hatua kwa hatua kama ninavyokudai kila siku. Kwa sababu hiyo nimeona vizuri kila kosa lilipoanzia. Chukua daftari na penseli tuyapitie yote matatu.

Swali la 3: 1/2 + 1/3

Umeandika 2/5. Umejumlisha kiasi kwa kiasi, halafu asili kwa asili. Sasa lipime jibu lako: nusu ya 5 ni 2 na nusu, kwa hiyo 2/5 haifiki hata nusu. Ulianza na nusu, ukaongezewa, ukabaki na pungufu ya nusu! Asili inatuambia kitu kizima kimekatwa vipande vingapi. Nusu na theluthi si vipande vya ukubwa mmoja, hivyo huwezi kuvihesabu pamoja mpaka uvilinganishe kwanza. KDS ya 2 na 3 ni 6:

1/2 + 1/3 = 3/6 + 2/6 = 5/6

Kilichonishangaza ni swali la 5. Pale, kwenye 2/3 − 1/6, umetafuta KDS vizuri kabisa, ukapata 3/6, ukarahisisha hadi 1/2. Kumbe njia unaijua! Kutoa kumekufanya utulie, kujumlisha ukakuona kwepesi ukakimbia.

Swali la 6: 4 1/5 − 1 3/5

Hili ndilo kosa nililolipenda, maana limetokana na kufikiri. Umeona 1/5 haitoshi kutoa 3/5, ukakopa 1 kwenye 4 ikabaki 3. Sawasawa. Wenzako wengi hapo hugeuza tu, wakatoa 1 kwenye 3 ili mambo yaishe. Lakini ile 1 uliyokopa umeiandika mbele ya kiasi, ikawa 11/5, ukapata 2 8/5. Nimeona pia alama za kifutio: ukaibadilisha kuwa 3 3/5, na kubadilisha huko hakuna kosa.

Unapofanya 42 − 17, unakopa kumi moja, ndiyo maana 2 inakuwa 12. Kwenye sehemu hatukopi kumi. Tunakopa kizima kimoja, na hapa kizima kimekatwa vipande 5, yaani 5/5. Kwa hiyo 1/5 inakuwa 6/5:

4 1/5 − 1 3/5 = 3 6/5 − 1 3/5 = 2 3/5

Ukitaka kujihakikishia, rudisha ulichotoa. Jibu lako: 3 3/5 + 1 3/5 = 5 1/5. Swali lilianza na 4 1/5, umezidisha kizima kimoja kamili. Unaona kilikotoka? Ulijipa 10/5, ambazo ni vizima viwili, wakati ulikopa kimoja. Asili ikiwa 7, utaongeza 7 kwenye kiasi. Ikiwa 12, utaongeza 12.

Swali la 9: 3/4 ÷ 1/8

Umekumbuka kwamba kugawanya tunageuza na kuzidisha, ila umegeuza sehemu ya kwanza: 4/3 × 1/8, ukapata 1/6. Inayogeuzwa ni ile ya pili, inayogawanya. Ya kwanza haiguswi:

3/4 × 8/1 = 24/4 = 6

Fikiria mafuta ya kula, lita robo tatu, unayapima kwa kipimo cha 1/8 ya lita. Kila robo inatoa vipimo viwili, robo tatu zinatoa sita. Jibu la 1/6 lingemaanisha hata kipimo kimoja hakijai.

Halafu angalia swali la 8, 1/2 ÷ 1/2. Nimekupa vema kwa sababu jibu ni 1, lakini hata pale uligeuza ya kwanza. Namba zilikuwa zinafanana, ndiyo maana kosa halikuonekana. Rudia kwa njia sahihi.

Usifute chochote kwenye karatasi hii, andika masahihisho pembeni. Halafu Jumamosi njoo na haya matatu:

3/4 + 1/6
5 2/7 − 2 6/7
2/3 ÷ 1/9

Chini ya kila jibu niandikie sentensi moja tu: umejuaje kwamba jibu hilo linawezekana? Mama akikuona umekaa muda mrefu na swali la pili, mwambie ni mimi nimetaka usiharakishe.

Nakutakia kazi njema,
Mwalimu wako wa tuisheni